Kutu isiyohitaji hewa: bakteria wa tope na bomba lililozikwa

"Habari za kazi, mtaalamu. Tuna bomba la maji la chuma cha kusubu, lina miaka 20, ukuta wake ni milimita 10. Kwenye mteremko mkavu ni zima kabisa, lakini pale linapovuka bonde lenye tope mwaka mzima limeanza kupasuka. Tulipofukua tulikuta tope jeusi linalonuka mayai viza. Kwa nje umbo la bomba halijaharibika, ila fundi alipolikwangua kwa kisu liliachia milimita sita hivi kabla ya kufika kwenye chuma kigumu. Mimi nilifundishwa kwamba kutu inataka maji na hewa. Sasa mle chini hewa inatoka wapi? Wenzangu wanasema tuliuziwa bomba bovu, na mmoja anashauri tumwage klorini mtaroni kabla ya kufukia. Tufanye nini?"

Ndugu, muuzaji wa bomba msimwandame kwanza. Bomba lile lile, lenye umri ule ule, ni zima mteremkoni na limekufa bondeni. Tofauti iko kwenye udongo, na dalili ulizozitaja, yaani weusi, harufu na chuma kinachokwanguka kwa kisu, zikikutana mahali pamoja huwa zinamnyooshea kidole mhusika mmoja: bakteria wanaopumua salfeti.

Ulichofundishwa si uongo, ila kimeishia njiani. Chuma kinapolika, kila atomu yake huachia elektroni mbili na kuingia majini. Elektroni hizo haziwezi kurundikana kwenye bomba. Zisipopata wa kuzipokea, kazi yote inasimama. Kwenye udongo wenye hewa mpokeaji ni oksijeni, na hapo ndipo unapopata ile kutu nyekundu tunayoijua sote. Kwenye tope lenu oksijeni haipo, na kwa hesabu hiyo bomba lilipaswa kukaa miaka mingi bila kuguswa. Yapo matope ambako chuma hukaa hivyo kweli. Kinachoharibu mambo ni kuwepo kwa mpokeaji mwingine, salfeti, yaani salfa iliyoshikana na oksijeni, ambayo imeyeyuka kwa kiasi fulani karibu katika kila maji ya ardhini. Yenyewe, kwa joto la kawaida la ardhi, salfeti haina uwezo wa kuchukua elektroni za chuma. Inahitaji vimeng'enya, na wenye vimeng'enya hivyo ni bakteria hawa.

Wanaofahamika zaidi wanaitwa Desulfovibrio, lakini aina ni nyingi, na wametapakaa kila penye tope lililokosa hewa: vinamasi, mikoko, sakafu za maziwa, udongo mfinyanzi uliojaa maji. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatambua mwaka 1895. Chakula chao cha kawaida si chuma. Ni mabaki ya majani na mizizi yaliyokwisha kuvunjwavunjwa na bakteria wengine kuwa asidi nyepesi na haidrojeni. Wao huchoma chakula hicho kwa salfeti kama sisi tunavyochoma chetu kwa oksijeni, na sisi tukitoa kabonidayoksaidi, wao hutoa haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya mayai viza. Ikikutana na chuma kilichoyeyuka majini hugeuka salfaidi ya chuma, unga laini mweusi, na huo ndio weusi mlioukuta.

Sasa, wanafanyaje mpaka bomba likalika? Njia ni mbili, na mara nyingi zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni ya kikemia tu: haidrojeni salfaidi wanayoitoa wakila majani yaliyooza inafika kwenye bomba na kulishambulia, hata kama bakteria mwenyewe yuko mbali kidogo. Ya pili ni ya moja kwa moja: bakteria aliyetulia juu ya bomba anachukua elektroni za chuma chenyewe na kuzipeleka kwenye salfeti. Hapo chuma kimekuwa chakula. Hesabu ya njia hii ya pili inaandikwa hivi:

```
4Fe + SO4^2- + 4H2O → FeS + 3Fe(OH)2 + 2OH-
```

Angalia namba moja tu humo. Salfeti moja inapokea elektroni nane, kwa hiyo inameza atomu nne za chuma. Katika hizo nne, ni moja tu inayogeuka salfaidi nyeusi. Tatu zilizobaki huwa haidroksaidi, au kabonati ya chuma kama maji yana bikabonati nyingi. Kwa hiyo weusi unaouona ni sehemu tu ya hasara. Watu wakikuta ukoko mweusi mwembamba hudhani bomba limeguswa juujuu, kumbe chuma kilichoondoka ni kingi kuliko kile kilichomo kwenye ukoko.

Waliolieleza jambo hili kwa mara ya kwanza kwa mtindo huu walikuwa Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, mwaka 1934. Walikuwa wakihangaika na tatizo lile lile la kwenu: mabomba ya chuma cha kusubu yaliyolazwa kwenye udongo uliojaa maji usio na hewa, yakilainika bila kubadilika umbo. Wao walisema bakteria hufuta haidrojeni inayojitanda juu ya chuma, na hivyo kuufungulia njia mchakato uliokuwa umeziba. Maelezo hayo yalibishaniwa kwa miaka mingi, kwa kuwa wengine waliona haidrojeni inayopatikana kwa njia hiyo ni ndogo mno kueleza kasi ya uharibifu. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Bremen, Ujerumani, walitangaza bakteria waliowatoa kwenye tope la bahari, ambao waliwekwa kwenye chupa zenye chuma kama chanzo pekee cha elektroni. Walikila chuma kwa kasi kubwa kuliko bakteria wenzao wanaotegemea haidrojeni peke yake. Tangu hapo ndipo wazo la kunyonya elektroni moja kwa moja lilipopata miguu. Na ukoko wa salfaidi, ambao mtu angetegemea uwe kinga, unapitisha umeme: elektroni zinapita ndani yake hadi kwa bakteria waliokaa upande wa nje. Kwa hiyo unene wa ukoko haumaanishi kwamba shambulio limezimika.

Nirudi kwenye kisu cha fundi wenu. Chuma cha kusubu si chuma kitupu. Ndani yake mna kaboni asilimia 3 hadi 4 hivi kwa uzito, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa kama vipande vyembamba vya grafiti vilivyosambaa na kugusana. Bakteria hawana haja na grafiti, wala salfaidi haiigusi. Chuma kinapoondoka, grafiti inabaki pale pale ilipokuwa, imeshikana na mabaki ya kutu, kama sifongo lililobaki na umbo la bomba. Hata maandishi yaliyochorwa kiwandani unaweza kuyasoma. Lakini ulichonacho ni kitu laini chenye rangi ya kijivu cheusi, kinachopaka vidole kama ncha ya penseli, na kisicho na nguvu ya kuvutwa wala kupindwa. Kinaweza kuendelea kushika maji ya shinikizo kwa miaka, mpaka siku pampu itakapozimika ghafla na maji kugonga, au lori litakapopita juu, au ardhi itakapotitia kidogo. Hapo linakatika mzunguko mzima kwa mara moja. Bomba la stili halifanyi hivi, kwa kuwa halina mifupa ya grafiti. Lenyewe hutobolewa vishimo, na ukiufuta weusi ndani ya kishimo unakuta chuma kinachong'aa.

Kuna neno la tahadhari linalotokana na hili. Mkifukua tena, punguzeni shinikizo la maji kwanza. Tope lililolizunguka bomba ndilo linalolibeba, na mkiliondoa lote urefu wa mita kadhaa kwa mpigo, bomba lililobaki grafiti linaweza kuvunjika mikononi mwenu. Na mtaroni humo, harufu ikiwa kali kisha ikapotea ghafla, msifurahi. Haidrojeni salfaidi ikizidi hupooza pua, ni nzito kuliko hewa, na hutulia chini ya shimo. Tokeni nje, mpulize hewa humo kabla ya mtu kushuka tena.

Sasa tulipime jambo lenu kwa namba zako, maana hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini bonde moja linakula na jingine halili. Milimita 6 kwa miaka 20 ni milimita 0.3 kwa mwaka. Si kasi ya ajabu; inatosha tu kulimaliza bomba la milimita 10 ndani ya miaka thelathini na kidogo. Chukua eneo la sentimita moja ya mraba. Kwa kina cha milimita 6, chuma kilichoondoka hapo ni gramu 4 hivi, ukiacha grafiti iliyobaki. Kwa uwiano wa salfeti moja kwa atomu nne za chuma, gramu 4 za chuma zimehitaji gramu 1.7 za salfeti. Tuseme maji ya bondeni yana miligramu 50 za salfeti kwa lita, kiwango cha kawaida tu. Basi hiyo sentimita moja imetumia salfeti ya lita 34 za maji kwa miaka yote 20, yaani mililita 5 kwa siku: kijiko kimoja cha chai. Kama kazi yote imefanywa na haidrojeni salfaidi kwa njia ile ya kwanza, ambako kila atomu ya chuma inahitaji salfa yake, kiasi hicho kinazidishwa mara nne.

Maji hayo yanaonekana machache, lakini yafikirie kwa bomba zima linalovuka bonde. Mfinyanzi mzito usiopitisha maji haupitishi kijiko kwa siku kwa kila sentimita. Kwa hiyo, kama bonde lingekuwa tope lililotuama kabisa, bakteria wangeimaliza salfeti iliyo jirani, na nafasi yao ingechukuliwa na vijidudu vingine vinavyotengeneza methani, na bomba lingepumua. Kulika kwa kasi kama hii yenu kunaniambia kwamba kuna maji yanayotembea kando ya bomba. Mara nyingi njia yake ni mtaro wenyewe. Mtaro ulichimbwa, ukafukiwa kwa udongo uliovurugwa, na tangu hapo ukawa mfereji wa chini kwa chini unaoteremsha maji kutoka mteremkoni, yakileta salfeti mpya kila msimu wa mvua.

Kuna sehemu nyingine ya kuangalia kwa makini kuliko hata katikati ya bonde, nayo ni kingo zake, pale maji ya ardhini yanapopanda na kushuka. Maji yakishuka, hewa inaingia. Salfaidi iliyokusanyika inapata oksijeni, sehemu inageuka salfa tupu, ambayo yenyewe ni adui mkubwa wa chuma kikiwa kimelowa, na sehemu inarudi kuwa salfeti. Maji yakipanda, bakteria wanaikuta salfeti yao imejazwa upya bila jasho. Bakteria hawa hawakui penye oksijeni, lakini wengi wao hawafi upesi pia. Aina za Desulfotomaculum hata hutengeneza mbegu ngumu na kusubiri. Ningekuwa mimi, shimo la pili la kukagua ningelichimba kwenye kingo, si katikati.

Kabla hamjatumia fedha, hakikisheni. Weusi wa tope peke yake hauthibitishi kitu. Tope lina chuma chake lenyewe, na bakteria wanaokula majani yaliyooza wataligeuza jeusi hata kama hakuna bomba karibu. Vilevile, chuma cha kusubu kinaweza kubaki grafiti bila bakteria yeyote, kwenye maji ya chumvi au udongo wenye asidi. Kinachotakiwa ni kuona salfaidi ikiwa imeshikamana na mahali chuma kilipopungua, na isiwepo kwa wingi huo mahali ambapo chuma ni kizima.

Fanyeni hivi. Mkilifikia bomba, msilioshe. Pigeni picha mara moja, kwa kuwa salfaidi ikipata hewa huanza kugeuka kahawia mbele ya macho yenu, na kesho yake mtu atakayefika atawaambia ni kutu ya kawaida. Kwangueni ukoko kidogo kutoka kwenye uso wa chuma, uwekeni kwenye kibakuli cha kioo, na mdondoshee matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mkiwa mahali penye upepo. Ikitoa harufu ya mayai viza, au ikigeuza nyeusi karatasi iliyolowekwa asetati ya risasi, ni salfaidi. Ikichemka bila harufu, ni kabonati. Rudieni jaribio hilo kwa tope la umbali wa mita moja kutoka bombani, na kwa udongo unaogusa bomba kule mteremkoni. Ukoko wa bondeni ukitoa harufu kali, tope la mbali likatoa kidogo, na mteremkoni pakawa kimya, mmeshapata sehemu kubwa ya jibu.

Kisha pimeni kina cha uharibifu kwa uangalifu kuliko kisu. Kwangueni kila kilicho laini mpaka mfike chuma, na mpime kwa kipimo cha kina katika sehemu kadhaa kuzunguka bomba, juu, chini na ubavuni. Kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti msikitegemee kwenye bomba lenye grafiti. Hiyo tabaka laini humpotosha msomaji, na kinaweza kutoa namba ambayo haifai kufanyia uamuzi.

Kama mna uwezo wa kupima udongo, pimeni pia redoksi, yaani volti inayoonyesha tope limekosa oksijeni kiasi gani, kwa elektrodi ya platini, kwenye kina cha bomba, tope likiwa bado halijapata hewa. Kiwango cha C105 cha AWWA, chama cha wataalamu wa maji cha Marekani, ambacho hutumika kuamua kama bomba la chuma cha kusubu lifunikwe, hutoa alama kwa kila tabia ya udongo, na alama 10 zinatosha kuuita udongo huo mlaji wa chuma. Redoksi iliyo chini ya sifuri ni alama 5. Salfaidi ikiwepo ni 3.5. Udongo usiokauka ni 2. Pihechi ya katikati, kati ya 6.5 na 7.5, kwa kawaida haipewi alama, lakini ikiambatana na salfaidi na redoksi ya chini inapewa 3. Jumla ni 13.5, na hapo bado hujagusa ukinzani wa umeme wa udongo. Ninakuonyesha hesabu hii kwa sababu watu wengi hupima pihechi peke yake, wakaona 7, wakasema udongo ni salama. Bakteria hawa wanapenda 7.

Maabara watawauzia kipimo cha kuhesabu bakteria: chupa zenye chakula chao na chumvi ya chuma, mnatia sampuli, na chupa ikigeuka nyeusi ndani ya siku chache hadi siku 28, wapo. Sawa, fanyeni, lakini msikipe uzito usio wake. Bakteria hawa wapo karibu katika kila tope, kwa hiyo jibu la "wapo" halishangazi. Na idadi yao haiendi sambamba na kasi ya kula bomba. Wengi hawakui kabisa kwenye chakula cha chupa. Mimi naamini zaidi kishimo chenye salfaidi kilichopimwa kina chake kuliko namba ya maabara.

Tufike kwenye klorini. Huyo mwenzenu ana nia njema, ila dawa hiyo hapo haifai, na nitakuambia kwa nini. Klorini haipenyi tope. Inaishia kwenye majani yaliyooza ya juu. Ile itakayopenya itakutana na salfaidi kabla ya kukutana na bakteria. Kuigeuza gramu moja ya salfaidi kunakula gramu 8 hivi za klorini, na matokeo yake ni salfeti, yaani mmewarudishia kile wanachopumua. Klorini isipotosha, salfaidi inaishia kuwa salfa tupu, ile niliyosema ni adui wa chuma. Na inabaki kloraidi, inayoongeza upitishaji wa umeme wa udongo. Hata mngefaulu kuua wote waliomo mtaroni leo, bonde zima limejaa wengine, nao watarudi na maji. Hakuna anayefaulu kusafisha udongo wa bonde.

Kinachofanya kazi ni kuwanyima bakteria nafasi au kuwanyima elektroni. Kwa kipande hicho ambacho kimebakiza milimita 4, sikushauri kukitibu. Hakina chuma cha kutosha kubeba pigo la maji, na hujui ni wapi pengine kimebakiza mbili. Badilisheni sehemu ya bondeni yote kwa bomba la polithini nzito, mkizidisha mita chache kila upande zinazopita ukingo wa maji yanayopanda na kushuka. Plastiki hailiwi kwa njia hii.

Kama kwa sababu fulani lazima muweke chuma tena, lizungushieni bomba mfuko wa polithini uliofungwa vizuri kwenye maungio. Kazi yake si kuzuia maji yasiingie kabisa. Maji kidogo yataingia. Kazi yake ni kuyafanya yakae pale pale bila kubadilishwa, na hapo ile hesabu ya kijiko kwa siku inakuwa upande wenu. Mfuko uliochanika kwa jiwe au kwa koleo unapoteza faida hiyo hapo ulipochanika. Fukieni kwa mchanga safi, si kwa lile tope lililotoka, wala kwa kifusi cha majengo, kwa kuwa plasta ya jasi ni salfeti tupu. Na ukataeni udongo wenye majani na vipande vya mbao. Kwenye mitaro inayoshuka kutoka mteremkoni, wekeni kizuizi cha mfinyanzi ulioshindiliwa kila baada ya umbali fulani, ili mtaro usiendelee kuwa mfereji.

Kwa bomba la stili kuna njia ya tatu, kinga ya kathodi: mnalilisha bomba elektroni kutoka kwenye anodi ya magnesi au chanzo cha umeme, mpaka chuma kisiwe na sababu ya kuachia zake. Kwenye udongo wa kawaida kipimo kinachotakiwa ni volti hasi 0.85 ukilinganisha na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba. Kwenye tope lenye bakteria hawa haitoshi. Kinachotakiwa ni hasi 0.95. Nimeshaona ripoti nyingi zenye 0.85 iliyowekewa tiki ya kijani huku bomba limezama kwenye tope jeusi. Tena kinga hiyo haiingii chini ya utepe wa plastiki ulioachia bomba. Maji yenye bakteria yanajificha hapo katikati, umeme haufiki, na mita ya juu inasoma vizuri. Kwa bomba lenu la kusubu lenye maungio ya mpira njia hii ni ngumu, kwa sababu mpira unakata umeme kati ya kipande na kipande, na ungelazimika kuunganisha kila ungio kwa waya.

Jambo la mwisho, ambalo huwashangaza mafundi. Mkikata bomba bovu na kupachika kipande kipya cha chuma katikati, kipande kipya kitaoza kwa kasi kuliko lile la zamani lilivyooza. Bomba lililogeuka grafiti lina tabia ya umeme ya kaboni, na likiunganishwa na chuma kipya ndani ya tope, kipya ndicho kinachotoa elektroni kwa niaba ya wote wawili. Kwenye maungano ya sehemu mpya na ya zamani wekeni flanji yenye kizuizi cha umeme, pamoja na mirija ya plastiki kwenye bolti na washa za plastiki chini ya nati. Na bolti zenyewe, hata kama mmeweka bomba la plastiki, bado ni chuma na zinalala kwenye tope lile lile. Zipakeni nta ya kuzuia kutu, zifungeni kwa utepe wa grisi, kisha muandike mahali ungio lilipo, ili baada ya mvua za mwaka wa pili mfukue ungio moja na kuangalia bolti kama ni nyeusi.